Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kukunja mistari na kuweka jumla ndogo kwenye Excel

Ninatunza daftari la maziwa la ushirika wa wafugaji. Asubuhi na jioni makarani wa vituo wanaandika nani kaleta lita ngapi, na mwezi ukiisha mistari imeshafika maelfu. Mwenyekiti anataka kuona namba moja tu. Karani wa kituo anataka za kituo chake. Mfugaji anataka zake, siku kwa siku, na ana haki ya kuziona. Daftari ni lile lile moja, na kinachobadilika ni kiasi unachokunja na kiasi unachokunjua. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na makarani na waweka hazina wanaofanya kazi kama yangu.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni kipande kidogo cha daftari, mistari 12 chini ya kichwa. Ninaposema mstari ni ule unaolala, na kolamu ni ile inayosimama.

```
     A        B           C          D
1    Tarehe   Kituo       Mfugaji    Lita
2    1/6      Mtoni       Asha        9
3    2/6      Mtoni       Asha       11
4    1/6      Mtoni       Baraka     14
5    2/6      Mtoni       Baraka     12
6    1/6      Njiapanda   Chausiku    7
7    2/6      Njiapanda   Chausiku    8
8    1/6      Njiapanda   Daudi      16
9    2/6      Njiapanda   Daudi      18
10   1/6      Sokoni      Esta       10
11   2/6      Sokoni      Esta       10
12   1/6      Sokoni      Faraji      5
13   2/6      Sokoni      Faraji      6
```

Ukijumlisha kwa mkono utapata Mtoni lita 46, Njiapanda 49, Sokoni 31, na zote pamoja 126. Zikumbuke namba hizi nne, maana ndizo zitakazotuonyesha mambo yameharibika wapi.

## Kukunja mistari kuna tofauti gani na kuificha au kuichuja?

Ukificha mstari kwa kubofya kulia na kuchagua Hide, anayefungua faili baadaye hana dalili ya wazi. Ataona tu namba za mistari zinaruka kutoka 5 kwenda 11, kama ana jicho kali. Ukichuja kwa Filter, unachagua mistari inayotimiza sharti fulani, na mingine yote inaondoka machoni, hata kama ni ya kundi lile lile.

Kukunja ni kuifunga mistari ya kundi moja chini ya mstari wa jumla yake. Pembeni kushoto panabaki alama ya kujumlisha inayomwambia kila mtu kwamba hapa pana kitu ndani, bofya ukione. Kwa hesabu za watu wengi hilo lina uzito. Mfugaji akiona alama ile anajua siku zake hazijafutwa, na anaweza kuomba zifunguliwe mbele yake.

## Nina orodha ndefu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuipanga. Amri ya jumla ndogo haina akili ya kutafuta vituo vilipo. Inashuka mstari kwa mstari, na kila jina la kituo linapobadilika inachomeka mstari wa jumla. Kwa hiyo mistari yote ya Mtoni iwe pamoja, ya Njiapanda pamoja, ya Sokoni pamoja. Weka kishale kwenye seli yoyote ndani ya orodha, nenda Data, bofya Sort, chagua Kituo, kisha OK.

Sasa, kishale kikiwa bado ndani ya orodha, rudi Data na utazame upande wa kulia penye kundi la vitufe liitwalo Outline. Bofya Subtotal. Kisanduku kitakachofunguka kina maswali matatu. At each change in ni kolamu ambayo ikibadilika unataka jumla: chagua Kituo. Use function ni aina ya hesabu: chagua Sum. Add subtotal to ni kolamu ya namba zitakazojumlishwa: weka tiki kwenye Lita, na uhakikishe hakuna tiki iliyobaki kwenye kolamu nyingine. Hapa watu huteleza, kwa sababu Excel hukisia yenyewe na mara nyingi hutia tiki kolamu ya mwisho, iwe ya lita au ya namba za simu. Nimeshaona taarifa iliyojumlisha namba za simu za wafugaji, na ilikuwa imeshachapishwa.

Bofya OK. Orodha yetu ya mfano itarefuka. Mstari wa 6 utasomeka Mtoni Total, wa 11 Njiapanda Total, wa 16 Sokoni Total, na wa 17 Grand Total. Kushoto, nje ya namba za mistari, utaona mistari myembamba yenye alama za kutoa, na juu yake vitufe vidogo vya 1, 2 na 3.

## Zile 1, 2 na 3 ni za nini?

Ni ngazi za kukunja laha nzima kwa mpigo mmoja. Ukibofya 1 inabaki jumla kuu peke yake, lita 126. Ukibofya 2 zinatokea jumla za vituo vitatu na jumla kuu chini yake. Ukibofya 3 kila kitu kinakunjuka. Alama za kujumlisha na kutoa zilizo chini ya vitufe hivyo zinafanya kazi hiyo kwa kundi moja moja, kwa hiyo unaweza kumfungulia karani wa Njiapanda siku zake huku Mtoni na Sokoni zikibaki zimekunjwa. Excel inakubali ngazi 8. Zaidi ya 4 sijawahi kuzihitaji.

Ikitokea vitufe na alama hazionekani kabisa ilhali jumla zipo, bonyeza Ctrl+8. Pengine mtu alizificha bila kujua, na vidole hivyo hivyo vitazirudisha.

## Kwa nini Mtoni inatokea mara mbili?

Tazama jumla hizo mbili ziko wapi, zenyewe zitakuambia.

Kama Mtoni Total moja iko juu na nyingine iko mbali chini, katikati pakiwa na vituo vingine, basi orodha haikupangwa kabla. Rudi Data, Subtotal, bofya Remove All, panga, kisha anza tena.

Kama zimefuatana, Mtoni Total na kikundi kingine cha Mtoni chini yake hapo hapo, basi orodha imepangwa vizuri ila majina hayafanani. Karani mmoja ameandika jina na kuacha nafasi mwishoni. Macho yako hayaioni nafasi hiyo, Excel inaiona. Thibitisha kwa kuhesabu herufi kwenye kolamu tupu:

```
=LEN(B2)
```

Mtoni ina herufi 5. Ukipata 6, nafasi ipo. Isafishe kwa fomula hii kwenye kolamu ya pembeni, ishushe mpaka mwisho, kisha nakili matokeo na uyabandike juu ya kolamu ya Kituo kama thamani tupu, kwa Paste Special na Values:

```
=TRIM(B2)
```

Fanya hivyo kwenye orodha ambayo bado haina jumla ndogo. TRIM inaondoa nafasi za kawaida tu. Majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za mtandao mara nyingine hubeba nafasi ya aina nyingine isiyoondoka kwa TRIM. Hizo ziandike upya, ndiyo njia fupi.

## Jumla ya kituo inatoka ndogo kuliko ilivyo, au inatoka sifuri. Shida nini?

Ikiwa hujakunja kitu na bado namba haitoshi, angalia kama lita zako ni namba kweli. Karani akiandika 9 lt badala ya 9, kwa Excel hayo ni maneno, na maneno hayajumlishwi. Hayatoi kosa lolote, yanarukwa kimya kimya. Mara nyingi yanajionyesha kwa kujipanga kushoto mwa seli wakati namba zinajipanga kulia. Kabla ya kuweka jumla, mimi huuliza hivi:

```
=COUNTA(D2:D13)-COUNT(D2:D13)
```

Sehemu ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu, ya pili inahesabu zenye namba tu. Jibu likiwa 0, endelea. Likiwa 3, una maziwa ya mara tatu ambayo hayataingia kwenye malipo ya mtu.

## Mbona fomula ni SUBTOTAL na si SUM? Na hiyo 9 inatoka wapi?

Bofya seli D6, penye jumla ya Mtoni. Utakuta:

```
=SUBTOTAL(9,D2:D5)
```

Namba 9 inachagua hesabu: 9 ni kujumlisha, 1 ni wastani, 2 ni kuhesabu seli zenye namba, 3 ni kuhesabu seli zisizo tupu, 4 ni kubwa kuliko zote, 5 ni ndogo kuliko zote. Kwenye baadhi ya kompyuta mkato unaotenganisha huwa nukta-mkato, kutegemea mpangilio wa nchi uliochaguliwa.

Sasa bofya jumla kuu kwenye D17:

```
=SUBTOTAL(9,D2:D15)
```

Ndani ya eneo hilo la D2 mpaka D15 zimo pia D6 na D11, ambazo ni jumla za Mtoni na Njiapanda. Kwa nini basi haikuzihesabu mara ya pili? Kwa sababu SUBTOTAL inamtambua mwenzake. Ikikutana na seli nyingine yenye SUBTOTAL ndani ya eneo lake, inairuka. SUM haina adabu hiyo. Ukiweka jumla za vituo kwa SUM, halafu jumla kuu kwa SUM inayoanzia D2 mpaka D16, utapata 252, mara mbili kamili ya 126. Na hapo ndipo pa kukamata kosa: jumla kuu ikiwa maradufu kamili ya unayoitarajia, tafuta SUM iliyojificha mahali.

Kosa la nusu nusu ni baya zaidi. Mtu anaacha SUBTOTAL kila mahali, anaandika kituo kimoja upya kwa SUM kwa sababu alifuta fomula kwa bahati mbaya. Tuseme ni Mtoni. Jumla kuu itakuwa 126 na 46 juu yake, yaani 172. Namba hiyo haina sura ya kutia shaka, na inapita. Ninapopokea faili ya mtu mwingine, kwanza natafuta kwa Ctrl+F neno SUM( na mabano yake, nikiwa nimechagua kutazama ndani ya fomula.

## Nimekunja kundi, jumla ikageuka sifuri. Lita zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote. Umetumia 109 badala ya 9.

Kila hesabu ya SUBTOTAL ina namba mbili. Zile za 1 mpaka 11 zinahesabu hata mistari iliyofichwa kwa mkono. Zile za 101 mpaka 111 zinairuka. Na mbele ya Excel, mstari uliokunjwa ni mstari uliofichwa. Kwa hiyo fomula hii

```
=SUBTOTAL(109,D2:D5)
```

inatoa 46 kundi likiwa wazi, na ukilikunja, mara Excel ikihesabu upya inatoa 0, kwa sababu hakuna mstari hata mmoja unaoonekana wa kujumlishwa.

Hili nililiona likitokea mbele ya watu. Ulikuwa mkutano wa wanachama, mweka hazina amewasha projekta ukutani, orodha ndefu inashuka na kushuka. Alikuwa ameandika fomula zake mwenyewe kwa 109 kwa kuamini kuwa ndiyo toleo jipya na bora. Akabofya 2 ili watu waone vituo tu. Ukuta mzima ukaonyesha sifuri. Mama mmoja aliyekaa benchi la mbele akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, maziwa yetu yamekwenda wapi?" Mweka hazina aliikunjua orodha, namba zikarudi, lakini imani haikurudi kwa haraka namna hiyo, na kikao kikaishia kuhesabu kwa kalamu.

Sifuri angalau inapiga kelele. Hatari kubwa ni kukunja kundi moja tu. Kunja Mtoni peke yake kwenye mfano wetu huku jumla kuu ikiwa ya 109: utasoma 80, yaani 126 kutoa 46. Ukichapisha hivyo, hakuna atakayejua isipokuwa wafugaji wa Mtoni siku ya malipo.

Kanuni ninayoifuata ni hii: penye makundi ya kukunja, ni 9 peke yake. Amri ya Subtotal yenyewe huweka 9 ukichagua Sum, kwa hiyo ukiiachia kazi hiyo hutapata shida hii. 109 ina mahali pake, kwa mfano unapoficha mistari kwa makusudi kwa sababu hutaki ihesabiwe. Kwa Filter haina tofauti, maana mistari iliyochujwa inarukwa na 9 na 109 sawasawa. Na hilo nalo likumbuke: ukichuja orodha yenye 9, jumla zitapungua, na ndivyo zilivyokusudiwa.

## Nataka kituo, na ndani ya kituo kila mfugaji na jumla yake. Inawezekana?

Ndiyo, kwa kupita mara mbili. Ondoa kwanza jumla zilizopo kwa Remove All. Fungua Sort, weka Kituo kama ngazi ya kwanza, bofya Add Level, weka Mfugaji kama ya pili. Kisha endesha Subtotal kwa Kituo kama mwanzo. Halafu iendeshe tena, safari hii At each change in ikiwa Mfugaji, na kabla ya kubofya OK ondoa tiki kwenye Replace current subtotals. Ukiisahau tiki hiyo, jumla za vituo zitafutwa na zitabaki za wafugaji tu.

Anza na kundi kubwa, ndipo uingie dogo.

Ukimaliza utakuwa na vitufe 1 mpaka 4. Mstari wa 4 utakuwa Asha Total, lita 20. Wa 7 Baraka Total, lita 26. Wa 8 Mtoni Total, na ndani yake:

```
=SUBTOTAL(9,D2:D6)
```

Watu huona D6 hapo na kushtuka kwamba haifiki D7. Haina haja ya kufika, kwa sababu D7 ni jumla ya Baraka na ingerukwa hata hivyo. D4 iliyo ndani, jumla ya Asha, nayo imerukwa. Hesabu inabaki 9, 11, 14 na 12, yaani 46. Kwa SUM ingekuwa 66.

## Kitufe cha Subtotal kimefifia, hakibofyeki.

Karibu kila mara sababu ni kwamba orodha yako imegeuzwa kuwa jedwali rasmi la Excel, lile lenye mistari ya rangi za kupishana na vishale vya kuchuja kwenye kichwa. Jedwali la namna hiyo halikubali kuchomekewa mistari ya jumla katikati. Bofya ndani yake, nenda Table Design, chagua Convert to Range, kubali. Rangi zitabaki lakini ujedwali utaondoka, na Subtotal itaamka.

Kama si hivyo, tazama kama laha imefungwa kwa nywila, au kama umechagua laha mbili kwa pamoja chini.

## Ninaweka makundi kwa mkono. Nikiweka la pili linaungana na la kwanza.

Kwa mkono unachagua mistari na kubonyeza Alt+Shift na mshale wa kulia. Kuondoa ni Alt+Shift na mshale wa kushoto. Ukiwa umechagua seli badala ya mistari mizima, itakuuliza kama unataka Rows au Columns.

Makundi mawili ya ngazi moja yakigusana, Excel haioni mpaka kati yao. Ukikunja mistari 2 hadi 5, halafu 6 hadi 9, inaona kundi moja la 2 hadi 9. Lazima pawe na mstari mmoja katikati ambao hauko kwenye kundi lolote, na mahali pake panafaa kabisa kwa jumla ya kundi. Tengeneza mstari wa jumla kwanza, andika SUBTOTAL yake, ndipo uchague mistari iliyo juu yake, bila kuuingiza wenyewe.

Alama ya kukunja hukaa kando ya mstari wa jumla, na Excel hudhani jumla iko chini. Kama wewe unaweka jina la kituo na jumla yake juu, siku zikifuata chini, alama zitakaa mahali pasipoeleweka. Kwenye kona ya chini kulia ya kundi la Outline pana kishale kidogo sana. Kibofye, ondoa tiki ya Summary rows below detail. Ukitumia amri ya Subtotal, tiki ya aina hiyo imo kwenye kisanduku chake na inaitwa Summary below data.

## Nimekunja, nikanakili muhtasari kwenda kwenye laha nyingine, mistari yote ikaja. Kwa nini?

Kunakili kunabeba kila kilicho ndani ya eneo ulilochagua, kinachoonekana na kilichokunjwa. Kunja hadi ngazi ya 2, chagua eneo, kisha kabla ya Ctrl+C bonyeza Alt na nukta-mkato. Hapo Excel inabaki na seli zinazoonekana tu. Ukikosa vitufe hivyo kwenye kibodi yako, bonyeza F5, Special, Visible cells only. Unapobandika chagua Values, ubebe namba bila fomula.

Tahadhari hii ni ya barua pepe pia. Kumtumia mtu faili iliyokunjwa ni kumtumia kila kitu, kwa sababu anabofya mara moja na anaona malipo ya kila mfugaji. Kama hana ruhusa ya kuona, mpe thamani zilizobandikwa kwenye faili jipya.

## Karani ameleta mistari iliyosahaulika. Niiingize vipi?

Kama ni mstari mmoja, uchomeke katikati ya kundi lake, kamwe usiuweke ukingoni. Kwenye orodha yenye jumla za vituo, Njiapanda ni mistari 7 hadi 10 na jumla yake iko 11. Ukichomeka mstari mpya kwenye nafasi ya 9, fomula inajinyoosha yenyewe kuwa D7:D11. Ukiuchomeka kwenye nafasi ya 11, juu kidogo tu ya jumla, fomula inaweza kubaki D7:D10. Mara nyingine Excel huinyoosha unapoandika namba, mara nyingine haifanyi hivyo, na huwezi kuitegemea.

Jinsi ya kujua: tuseme lita zilizosahaulika ni 12. Jumla kuu itakuwa 138, kwa sababu eneo lake linapita juu ya mstari huo. Lakini jumla za vituo zitabaki 46, 49 na 31, ambazo ni 126. Vituo vikijumlishwa visipofikia jumla kuu, kuna mstari umeanguka ukingoni mwa kundi.

Mistari ikiwa mingi, Remove All, bandika chini, panga upya, endesha Subtotal tena. Ni sekunde chache. Kwa ajili hiyo mimi huweka data ghafi kwenye laha yake isiyo na jumla yoyote, na kila ninapotaka taarifa nabofya kulia jina la laha, Move or Copy, Create a copy, nafanyia jumla kwenye nakala. Kuongeza mistari siku kwa siku ndani ya orodha yenye jumla ndogo ni kutafuta kosa la ukingoni kila siku.

## Nimefunga laha kwa nywila, alama za kukunja hazifanyi kazi.

Ndivyo ilivyo. Kwenye kisanduku cha Protect Sheet hakuna tiki ya kuruhusu kukunja na kukunjua. Njia iliyopo ni macro inayokaa kwenye ThisWorkbook, faili ikihifadhiwa kama .xlsm:

```vb
Private Sub Workbook_Open()
    With Worksheets("Maziwa")
        .EnableOutlining = True
        .Protect Password:="siri", UserInterfaceOnly:=True
    End With
End Sub
```

Mpangilio huu haudumu ukifunga faili, ndiyo maana umewekwa kwenye kufungua. Anayekataa macro hataweza kukunja. Kwa faili la kupeleka kwa watu wengi sishauri njia hii.

## Natumia LibreOffice au Google Sheets. Ni yale yale?

LibreOffice Calc inayo amri hiyo chini ya Data, Subtotals, na kwa hili imeizidi Excel: ina kurasa za kundi la kwanza, la pili na la tatu ndani ya kisanduku kimoja, na inapanga orodha yenyewe kabla ya kujumlisha usipoizuia. Kukunja kwa mkono ni F12, kuondoa ni Ctrl+F12.

Google Sheets haina amri ya jumla ndogo. Ina makundi, kwa Alt+Shift na mshale wa kulia, na ina fomula ya SUBTOTAL yenye namba zile zile. Mistari ya jumla unaichomeka mwenyewe. Kwa vituo vitatu inavumilika. Kwa wafugaji 200 tumia Pivot table, na hata kwenye Excel, kama unataka jumla tu na hutahitaji kufungua siku za mtu, Pivot table itakufaa kuliko haya yote.

## Nataka kila kituo kitoke kwenye karatasi yake. Nifanyeje?

Kwenye kisanduku cha Subtotal weka tiki Page break between groups. Kila kituo kitaanza ukurasa mpya. Ili kichwa cha kolamu kijirudie, nenda Page Layout, Print Titles, na kwenye Rows to repeat at top andika $1:$1.

Kinachochapishwa ni kile kinachoonekana, kwa hiyo bofya 3 kwanza, au 4 kama una ngazi ya wafugaji, mpaka kila siku ikunjuke. Tazama Print Preview, hesabu kurasa. Karatasi zetu tunazibandika kwenye mlango wa kila kituo siku tatu kabla ya malipo, na mfugaji anapita na kitabu chake kidogo akilinganisha mstari kwa mstari. Aliyepungukiwa lita 8 anaonyesha tarehe kwa kidole.